Mtoto anayegoma shule kwa kuogopa kumwacha mama: namna ya kumrudisha kidogo kidogo

Kila Januari, wiki ya pili au ya tatu baada ya shule kufunguliwa, huwa napata wageni wa aina moja ofisini. Ni mzazi amechoka na mtoto amevimba macho, na nyuma yao mara nyingi kuna bibi anayenong'ona kwamba mtoto amerogwa. Mimi ni mwalimu wa malezi na unasihi katika shule ya msingi ya serikali, darasa lenye watoto wachache kwetu lina sabini. Kwa hiyo ninayoyaandika hapa ni mambo yanayowezekana kwenye shule kama yetu, pasipo mtaalamu wa saikolojia jengo la pili.

Nitazungumzia aina moja tu ya kugoma shule: ile ya mtoto mdogo, wa darasa la awali hadi la tatu, ambaye tatizo lake si shule bali ni kuachana na mzazi. Nitatumia mfano wa mvulana wa miaka saba, darasa la pili. Nimeuunga kutoka kwa watoto watatu niliowahi kuwashughulikia ili asitambulike hata mmoja, lakini hatua ni zile zile tulizozipita.

Mama yake alipelekwa hospitali kujifungua siku ya shule, mwezi Novemba. Asubuhi mtoto aliaga kama kawaida. Mchana aliporudi, nyumba ilikuwa na shangazi tu. Akaambiwa "mama amesafiri". Mama alifanyiwa upasuaji, kidonda kikamsumbua, akarudi siku ya tisa akiwa na kichanga na anatembea ameinama. Likizo ya Desemba ikaja, mtoto akawa anamfuata mama kila mahali, hata chooni anasubiri mlangoni. Watu wakasema ana wivu na mdogo wake. Januari, siku ya kwanza ya shule, akatapika getini. Walipokuja kwangu alikuwa amekosa siku kumi na moja.

Hatua ya kwanza: hakikisha unachokiona

Kumng'ang'ania mzazi ni kawaida kwa mtoto wa kati ya miezi minane na miaka mitatu. Machozi ya wiki ya kwanza ya darasa la awali nayo ni kawaida, na mengi hukauka ndani ya siku chache. Tunaanza kuita ni hofu ya kutengana inayohitaji kushughulikiwa pale inapodumu wiki nne au zaidi, na ikawa inamzuia mtoto kufanya yale ambayo wenzake wa umri huo wanayafanya: kulala bila kushikwa, kubaki kwa shangazi, kwenda shule.

Huyu si mtoro. Mtoro huaga nyumbani akaishia mtoni au kwenye vibanda vya michezo, na mzazi hajui. Anayegoma kwa hofu, mzazi anajua kabisa alipo: yuko nyumbani, na mara nyingi yuko hatua mbili kutoka kwa mama. Nalisema hili kwa sababu daftari la mahudhurio halina safu ya hofu. Mwalimu wa darasa akimwandika mtoro, mtoto atakaporudi atakutana na adhabu ya utoro, na kazi yote itarudi mwanzo.

Kwa siku saba, mzazi aandike kila asubuhi mambo matatu: analalamika nini, saa ngapi, na nafuu imekuja saa ngapi. Yule mvulana alikuwa anaumwa tumbo kuzunguka kitovu kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, Jumatatu hadi Ijumaa. Ikishafika saa tatu, akijua hapelekwi tena, anaomba chapati. Jumamosi haumwi. Jumapili jioni anaanza kunyamaza.

Tumbo hilo si la kuigiza. Hofu hukaza misuli ya tumbo na kuvuruga utumbo, maumivu yanakuwepo kweli. Ndiyo maana kumwambia "unadanganya" humfundisha tu kwamba hutamwelewa. Pamoja na hayo, mpelekeni kituo cha afya mara moja, apimwe malaria, mkojo, choo na damu. Maumivu yanayomwamsha usiku, yaliyo upande mmoja mbali na kitovu, yenye homa, damu kwenye choo au kupungua uzito, hayo ni ya daktari, si yangu. Baada ya majibu kutoka safi, msizunguke hospitali tano. Kila safari ya vipimo ni siku nyingine nyumbani na mama, na ni ushahidi mwingine kwa mtoto kwamba kuna jambo baya.

Hatua ya pili: tafuta anachokiogopa, na hasa hakikisha hakiko shuleni

Ukimuuliza mtoto wa miaka saba "kwa nini hutaki shule?" atakujibu "sijui", na anasema kweli. Mimi humwomba anitembeze siku nzima. Umeamka, halafu? Umefika getini, nani yupo? Wakati wa uji unakaa na nani? Chooni unaenda na nani? Huwa namtazama zaidi kuliko kumsikiliza. Sauti ikikatika kwenye njia ya kwenda choo, nachimba hapo. Ikikatika kwa jina la mwalimu fulani, nachimba hapo pia, hata kama mwalimu huyo ni rafiki yangu.

Hapa hakuna mzaha. Mtoto anayeonewa na wakubwa, anayechapwa kwa kushindwa kusoma, au anayeshikwashikwa na mtu mzima njiani, atagoma shule kwa machozi yale yale. Kumrudisha kidogo kidogo mahali anapoumizwa ni kumsaliti. Kwanza linaondolewa linaloumiza, ndipo mpango unaanza. Kukiwa na dalili za ukatili, nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri au piga 116, simu ya bure ya huduma kwa mtoto. Namba hiyo hiyo inatumika Tanzania na Kenya.

Kwa mvulana wetu, sauti haikukatika shuleni popote. Uji anaupenda, ana rafiki, anasoma vizuri. Ilikatika mwishoni kabisa: "Nimerudi nyumbani... nafungua mlango." Akaanza kulia. Nikamuuliza nani yupo nyuma ya mlango. "Hakuna mtu."

Basi ndiyo ilikuwa siri yote. Alikwenda shule, mama akapotea. Kwa hesabu za mtoto wa miaka saba, akikaa nyumbani mama hapotei, na kila siku aliyokaa nyumbani ilithibitisha hesabu hiyo. Hofu ya namna hii hulishwa na kukwepa: unapogoma unapata nafuu papo hapo, na nafuu hiyo inakufundisha kugoma tena kesho. Mpango wowote usiogusa mduara huo utafeli, uwe wa zawadi au wa fimbo.

Fimbo ilikuwa imeshajaribiwa. Baba, dereva wa bajaji, alimchapa mkanda wiki ya kwanza na kumwingiza darasani kwa nguvu. Mtoto akatoka dirishani. Sasa alikuwa na vitu viwili vya kuogopa.

Hatua ya tatu: wazazi waache mambo manne kabla ya kuanza

La kwanza ni kutoroka. Tuna mazoea hayo kila mahali: "Mwonyeshe kuku, nikimbie." Kilio kinapungua siku hiyo, lakini mtoto anajifunza kwamba akigeuza macho tu mama anayeyuka, kwa hiyo hageuzi tena. Mzazi aage kila mara, hata anapokwenda dukani.

La pili ni vitisho vya kuachwa. "Usipokula nakwenda zangu." "Nitakugawa kwa polisi." Mtoto mwenye hofu hii anaviamini.

La tatu ni uongo wa kumlinda. "Mama amesafiri" ndiyo kauli iliyomgharimu zaidi mtoto huyu. Nilimwomba mama akae naye, amwonyeshe kovu, amweleze kwa maneno mepesi: mtoto alikuwa tumboni, daktari alimtoa, nililala hospitali siku tisa, sikujua kama ningechelewa, watu walikosea kutokukuambia. Mtoto aliuliza swali moja tu: "Ulilia?" Mama akajibu ndiyo.

La nne ni siku tamu nyumbani. Bibi alikuwa anamkaangia mandazi na kumwachia runinga asubuhi nzima, kwa huruma. Saa za shule ziwe saa za shule hata akiwa nyumbani: anavaa, anakaa mezani na daftari, runinga imezimwa, simu imewekwa mbali, hamfuati mama gengeni. Haichukuliwi kama adhabu na hagombezwi, ila nyumba inakuwa haina utamu mpaka saa sita mchana.

Neno dogo kuhusu dawa, kwa kuwa nimelikuta zaidi ya mara moja: msimpe piritoni ili "atulie" asubuhi. Atasinzia darasani na hatajifunza kwamba hofu inapungua yenyewe, ambalo ndilo somo tunalolitaka.

Hatua ya nne: kikao kimoja na shule, na karatasi moja

Wakae mzazi, mwalimu wa darasa, na mwalimu mkuu au mwakilishi wake. Nusu saa inatosha. Kikao kikiisha bila maandishi, kila mmoja atakumbuka chake, kwa hiyo sisi huandika ukurasa mmoja na kuubandika ndani ya daftari la maandalio la mwalimu.

Linaloandikwa kwanza ni nani anampokea. Awe mtu mmoja, na awepo mwingine wa akiba. Kwetu alikuwa mwalimu wa darasa, na akiwa hayupo, mimi. Anampokea mkono kwa mkono: mkono wa baba unaachia wakati wa mwalimu umeshashika. Mtoto asiachwe asimame peke yake katikati ya uwanja hata dakika moja.

Pili ni suala la kuchelewa. Mpango wa kurudi kidogo kidogo maana yake mtoto ataingia getini saa ambazo wengine wanahesabiwa wachelewaji. Mwalimu wa zamu asipojua, atamweka kwenye mstari wa wanaopiga magoti. Nimeona mpango wa wiki mbili ukiuawa asubuhi moja kwa njia hiyo. Walimu wote wa zamu waambiwe, pamoja na viranja na mlinzi.

Tatu, nani ana mamlaka ya kumrudisha nyumbani. Jibu ni mwalimu mkuu peke yake, na kwa ugonjwa unaoonekana. Akisema tumbo linauma, mwalimu ampime joto kwapani. Likiwa chini ya 37.5, hatapiki na hana dalili nyingine ya ugonjwa, anakunywa maji, anakaa kiti cha karibu na meza ya mwalimu dakika kumi, halafu anarudi mahali pake. Haambiwi anajifanya. Anaambiwa: "Tumbo la hofu linauma kweli, na litapoa ukiwa hapa hapa."

Nne, simu. Mwalimu mwema atataka kumpigia mama ili mtoto asikie sauti. Mara moja haiui. Tatizo ni kwamba kesho ataiomba mara mbili, na wiki ijayo hatakaa bila hiyo. Tulikubaliana simu haipigwi kabisa. Badala yake alipewa kipande cha kanga ya mama, ukubwa wa kitambaa cha jasho, akae nacho mfukoni.

Kuhusu wenzake darasani, sentensi moja inatosha: "Mwenzenu alikuwa hajisikii vizuri, anarudi taratibu." Asipigiwe makofi. Mtoto mwenye hofu hapendi kutazamwa na watoto sabini.

Hatua ya tano: jenga ngazi kwa vizibo

Mtoto wa darasa la pili hawezi kukuambia ana hofu kiasi gani, ila anaweza kuhesabu. Mimi hutumia vizibo kumi vya soda. Sifuri ni kama yuko kitandani na mama, kumi ni kama siku ile aliyotapika. Tunataja hali moja moja, naye anasukuma vizibo mbele.

Mama kwenda dukani na kurudi: viwili. Kupita nje ya shule Jumamosi: vitatu. Kuingia darasani kukiwa hakuna watu: vinne. Kipindi cha mwisho halafu kwenda nyumbani na wenzake: vitano. Kuanzia uji mpaka mwisho: saba. Kuanzia vipindi vya asubuhi: vinane. Kusimama mstarini saa 1:30 huku mama anaondoka: akasukuma vyote kumi.

Sasa angalia hapo. Wazazi wengi wangependa aanze asubuhi, akae saa moja, halafu achukuliwe. Inawezekana, lakini ina kasoro mbili: inaanza na kipande kigumu kuliko vyote, na inamfundisha kuondoka wakati wenzake wamebaki. Kwa mtoto anayeogopa kuachana, napendelea kuanzia mkiani. Aingie saa ya mwisho, kengele ilie, atoke na kundi zima kama mwanafunzi mwingine yeyote. Kisha tunausogeza muda wa kuingia nyuma, kuelekea asubuhi, huku muda wa kutoka haubadiliki kamwe. Kila siku inaisha kwa ushindi ule ule.

Mkilazimika kufanya kinyume, yaani aingie asubuhi na atoke mapema, basi saa ya kutoka iamuliwe na saa ya ukutani. Akiondolewa kwa sababu amelia, atakuwa amejifunza bei ya tiketi ya kurudi nyumbani.

Tahadhari: ngazi hii ni ya mtoto aliyekosa siku nyingi au mwenye hofu kubwa mno. Kama amegoma siku mbili tatu tu, msijenge ngazi yoyote. Arudi kesho, siku nzima, apokelewe vizuri. Kumchelewesha mtoto wa namna hiyo ni kumtengenezea tatizo ambalo hana bado.

Hatua ya sita: kupanda

Wiki moja kabla, mazoezi yalikuwa nyumbani. Mama anaaga, anakwenda dukani dakika tano, anarudi alivyoahidi. Kesho robo saa. Keshokutwa anakwenda kwa jirani mpaka adhana ya alasiri iishe. Mtoto wa umri huu hana saa mkononi, ana adhana, kengele na jua, kwa hiyo ahadi zifungwe humo. Ahadi ya "narudi sasa hivi" haina thamani kwake. Jumamosi baba alimpitisha shuleni, wakakaa chini ya mwembe, wakala muwa. Wakaingia darasani, akakaa kwenye dawati lake, akasukuma vizibo vinne, na baada ya muda akarudisha viwili mwenyewe.

Tuliamua baba ndiye ampeleke. Kuagana na mama kunafanyika mlangoni kwa nyumba, ambako ni kwepesi, na getini anaachana na mtu asiyemwogopea sana. Mama alipewa maneno ya kuaga, hayo hayo kila siku: "Nakwenda kumnyonyesha mdogo wako. Kengele ikilia utanikuta hapa." Kumbatio moja, dakika moja, mlango. Kuaga kwa robo saa, na kurudi dirishani kuchungulia, kunamwambia mtoto kwamba hata mama ana wasiwasi.

Kwa kweli mama alikuwa na wasiwasi. Siku ya kwanza alilia zaidi ya mtoto. Jirani alikuwa ameombwa aje kunywa naye chai saa hiyo, kwa sababu mama mwenye cha kufanya hamfuati mtoto getini.

Jumatatu aliingia saa 5:00. Vizibo tisa mlangoni, ingawa alikadiria vitano, na hiyo ni kawaida, hofu ya kweli huzidi ya mezani. Alilia kama dakika kumi na tano. Mwalimu alimpa chaki azipange na hakumbembeleza zaidi ya hapo. Baada ya dakika ishirini vilikuwa sita. Kengele ya saa 6:00 ilipolia vilikuwa vitatu. Kushuka huko akiwa bado ndani ya darasa ndiyo dawa yenyewe. Angechukuliwa kwenye tisa, angerudi nyumbani na kumbukumbu ya tisa.

Alifungua mlango wa nyumbani, mama yupo. Niliambiwa alimgusa mkono, akaenda kucheza.

Jumanne tulirudia hatua ile ile. Alianza na saba, akamaliza na viwili. Kanuni yangu ni kutopanda ngazi mpaka hatua iliyopo iwe imepoa siku mbili mfululizo, yaani ameanza chini kuliko jana na hakuhitaji kushikwa. Jumatano hadi Ijumaa aliingia saa 4:00, wakati wa uji. Wiki ya pili, saa 2:30, akipitiwa njiani na mwenzake wa mtaa huku baba akiwafuata nyuma. Huyo mwenzake alisaidia kuliko sisi wote, kwa kuwa mtoto haoni haya kumlilia baba, ila kumlilia rafiki anaona haya.

Zawadi zilikuwa ndogo na za siku hiyo hiyo: kupanda bajaji mbele na baba jioni, kuchagua mboga. Tulizuia ahadi kubwa za baiskeli mwisho wa muhula. Mwisho wa muhula, kwa mtoto huyu, ni mbali kama Ulaya.

Yanayoharibika

Alhamisi ya wiki ya pili kichanga kilipata homa. Mama akakimbilia kituo cha afya saa tano, foleni ikamshika. Mtoto akarudi, akafungua mlango: hakuna mtu. Ijumaa aligoma, akatapika, vizibo kumi na akaomba kimoja cha ziada.

Hapo ndipo watu husema mpango umeshindikana. Haukushindikana. Tulishuka ngazi moja tu, saa 4:00 badala ya 2:30, siku hiyo hiyo ya Ijumaa, kwa sababu wikendi juu ya kugoma ingeugandisha mgomo. Alifika saa 4:20 analia, akakaa. Mama alimweleza alikokuwa. Tukaongeza kifungu kwenye karatasi: mama akilazimika kuondoka ghafla, anamtuma jirani aje kumsubiri mtoto njiani, kabla hajafika mlangoni, na amwambie ukweli alipo. Jumatatu alirudi saa 2:30.

Kuna mengine ya kutarajia. Siku ya tatu au ya nne kilio huwa kikubwa kuliko cha kwanza, mtoto anajaribu kama mlango wa zamani bado unafunguka. Jumatatu ni ngumu kuliko Ijumaa. Watu wazima wawili wenye misimamo miwili nyumba moja watauangusha mpango wowote. Bibi yetu alibadilika pale tu alipopewa kazi yake mwenyewe, ya kumsikiliza mtoto akisoma jioni.

Na ukiona hatua fulani imegoma siku tatu, igawe. Mstarini ilimgomea. Tukaigawa: kwanza anafika mstari ukivunjika, kisha anasimama na mwalimu pembeni ya mstari, kisha ndani ya mstari nyuma ya rafiki yake. Wiki ya nne alifikishwa getini na mama mwenyewe, vizibo vinne. Kipande cha kanga kilihamia kwenye mkoba, halafu kikasahaulika nyumbani bila mtu kukitaja.

Unapohitaji msaada zaidi

Hii ya kwetu ilikuwa nyepesi. Kama baada ya wiki mbili tatu za kufuata mpango kwa uaminifu hakuna hatua hata moja iliyopandwa, au mtoto hapati usingizi, hataki kula, anakojoa kitandani upya, anazungumzia kufa, au ameshakaa nyumbani miezi, mpelekeni kliniki ya afya ya akili ya hospitali ya rufaa ya mkoa. Watafanya kazi kama hii kwa undani zaidi, na wataangalia huzuni, matatizo ya kujifunza, na afya ya mama mwenyewe. Mama aliyejifungua karibuni anaweza kuwa na sonona, na mtoto huihisi kabla ya baba.

Kisha iandikeni kwenye kalenda: likizo ya Juni, ya Desemba, na kila mara mtoto anapougua zaidi ya siku tatu. Wiki moja kabla ya kurudi, mazoezi ya kuaga yaanze upya, saa ya kulala irudi, na Jumamosi ya mwisho mkakae chini ya mwembe. Mvulana wetu Julai iliyofuata alikwenda na baba yake, akaulizwa vizibo vingapi. Akasema vitatu, halafu akauliza kama muwa umeletwa.